Tani mia moja zilizopotea kwenye kompyuta: kisa cha mkia uliosugua njia Melbourne

Usiku wa tarehe 20 Machi 2009, kwenye saa nne na nusu, ndege ya Emirates aina ya Airbus A340-500 ilianza kukimbia kwenye njia namba 16 ya uwanja wa Melbourne, Australia, ikielekea Dubai. Ndani walikuwamo abiria 257, wahudumu 14 na marubani 4. Rubani mwenza ndiye aliyekuwa anaendesha. Kasi ilipofika pale ilipopangwa, nahodha alitamka amri ya kuinua pua. Rubani mwenza akavuta kijiti cha kuongozea, lakini ndege haikuinuka kama ilivyotarajiwa. Nahodha akarudia amri, mwenzake akavuta zaidi, pua ikapanda, na ndege bado ikabaki chini. Mkia ukagusa lami na kuanza kuburuzwa. Nahodha akasukuma vishikio vya injini hadi msukumo wa juu kabisa, unaoandikwa TOGA, na ndege ikapita mwisho wa njia ikiwa bado haijaachana na ardhi. Ilipaa sekunde chache baadaye, ikiwa tayari kwenye eneo la majani nje ya njia, na ikagonga taa na antena za mfumo wa kuongoza ndege zinazotua.

Njia ile ina urefu wa mita 3,657. Nikiwaeleza kisa hiki vijana wanaoanza kazi ya kuandaa karatasi za uzito hapa Dodoma, huwa naanza na urefu huo, kwa sababu njia ya uwanja wetu mpya wa Msalato imesanifiwa kwa mita 3,600, na wengi wanaamini kwamba njia ikiwa ndefu hivyo, kazi ya kukokotoa kasi inakuwa ya kutimiza utaratibu tu. Kijana mmoja aliniuliza, "Sasa mwalimu, kwenye njia ya kilomita tatu na nusu ndege inashindwaje kupaa? Sisi hapa mbona tunaruka kwenye njia fupi kuliko hiyo kila siku?" Nilimwambia aiache njia kwanza, arudi nyuma hadi pale ndege ilipokuwa bado imeegeshwa getini, atazame namba zilizoingizwa kwenye kompyuta.

Uzito wa kuruka uliokusudiwa kuingizwa ulikuwa tani 362.9. Ndani yake mlikuwa na tani moja ya ziada kwa ajili ya mabadiliko madogo ya dakika za mwisho. Uzito ulioingizwa kwenye kompyuta ndogo ya kukokotolea kasi ulikuwa 262.9. Kidole kiligonga 2 badala ya 3, na tani mia moja zikatoweka. Kompyuta haikulalamika, kwa sababu tani 262.9 ni uzito halali kabisa kwa ndege ya aina hiyo ikiwa na mafuta machache. Ilifanya hesabu yake vizuri na kutoa majibu sahihi ya ndege ambayo haikuwepo pale.

Majibu yenyewe yalikuwa hivi. V1, kasi ambayo ikishapita rubani hasimamishi tena ndege, ilitoka 143 kwa noti, kipimo cha kasi ya ndege. VR, kasi ya kuinua pua, noti 145. V2, kasi salama ya kupanda, noti 154. Kwa uzito wa kweli, VR ilitakiwa iwe 161 na V2 iwe 173. V1 ndiyo haikutofautiana sana, ilitakiwa 149. Sasa weka pembeni VR mbili, ya kompyuta na ya kweli, noti 145 na noti 161. Tofauti ya noti 16 kwa asiyezoea inaonekana ndogo, kama asilimia kumi hivi. Lakini nguvu ya kuinua ya bawa haiendi sawa na kasi, inaenda na mraba wa kasi. Gawanya 145 kwa 161, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 0.81. Maana yake, kwenye pembe ileile ya pua na flapu zilezile, yaani vibao vya nyuma ya bawa, bawa lilikuwa linabeba kama asilimia 81 tu ya kile ambacho lingebeba kwa kasi sahihi. Asilimia 19 iliyobaki, kwa ndege ya tani 362, ni karibu tani 68 ambazo bado zilikuwa zimekalia magurudumu wakati rubani anaamini ndege yake iko tayari kupaa.

Kuna njia mbili tu za kupata nguvu hiyo iliyopungua. Uongeze kasi, au uongeze pembe. Kasi inataka muda na msukumo wa injini. Pembe inataka mkono tu, na mkono ndio ulio karibu. Hapo ndipo mkia unapofika chini.

Ni vizuri kuelewa kinachotokea katika zile sekunde tatu za kuinua pua, maana watu wengi hufikiri ndege hunyanyuka yote kwa pamoja. Pua inapopanda, ndege inazunguka juu ya magurudumu makuu. Kilicho mbele ya magurudumu kinapanda na kilicho nyuma kinashuka. Mkia wa ndege yoyote unakaribia ardhi kila inaporuka, hilo ni jambo la kawaida. Kinachouokoa ni kwamba wakati mkia unashuka, bawa nalo linaanza kubeba uzito, shokapu za magurudumu zinarefuka kwa sababu mzigo umepungua, na hatimaye magurudumu yanaachana na lami kabla pembe haijafika mahali pa hatari. Ni mashindano kati ya pembe na nguvu ya kuinua, na kwa ndege ndefu nafasi iliyopo kati yao ni ndogo.

Chukua Boeing 737-800, ndege inayojulikana na wengi ukanda huu. Kwa kawaida inaacha lami pua ikiwa imepanda nyuzi 8 hadi 8.5. Mkia wake unagusa kwenye nyuzi 11, na hapo shokapu ziwe zimerefuka. Zikiwa bado zimebonyea, inagusa mapema zaidi. Kwa hiyo kati ya hali ya kawaida na kugusa kuna nyuzi mbili na nusu. Mafunzo yanataka pua ipandishwe taratibu, nyuzi 2 hadi 2.5 kwa sekunde kwa ndege hiyo, na kama nyuzi 3 kwa sekunde kwa Airbus nyingi kubwa. Ukifuata mwendo huo, ile nafasi ya nyuzi mbili na nusu ni sekunde moja. Ukivuta kwa nyuzi 5 kwa sekunde, ni nusu sekunde. Lakini madhara ya kuvuta haraka hayaishii kwenye kupunguza muda wa kugundua kosa. Wakati pua inapanda taratibu, ndege inaendelea kuongeza kasi, na noti zile chache zinazoongezeka ndizo zinazoinyanyua. Ukivuta haraka, unafika kwenye pembe ya hatari kabla noti hizo hazijapatikana. Ndiyo sababu rubani anaweza kuwa na VR sahihi kabisa na bado akasugua mkia, kwa mkono tu.

Kisa cha Melbourne hakikuanzia kwenye mkono. Hata kama rubani mwenza angevuta kwa upole wa kupigiwa mfano, kwa noti 145 ile ndege isingenyanyuka kwenye pembe ya kawaida. Na palikuwa na jambo la pili lililokuwa baya kuliko VR yenyewe, jambo ambalo husahaulika kisa kinaposimuliwa harakaharaka. Kosa la uzito liliharibu pia msukumo wa injini.

Ndege kubwa zinapokuwa nyepesi, au njia ikiwa ndefu, hazihitaji nguvu yote ya injini. Ili kutunza injini, rubani anaiambia kompyuta ya injini kwamba joto la nje ni kubwa kuliko lilivyo kweli, na injini inatoa nguvu ambayo ingetoa kwenye joto hilo. Kwenye Airbus joto hili la kubuni huingizwa kwenye nafasi iliyoandikwa FLEX. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo nguvu inavyopungua. Kwa uzito wa kweli, FLEX ilitakiwa iwe 43. Kompyuta iliyodhani ndege ina tani 262.9 ikatoa 74. Kwa hiyo ndege nzito ikaanza kukimbia na msukumo wa ndege nyepesi. Iliongeza kasi polepole, ikatumia sehemu kubwa ya njia kufikia kasi ambayo yenyewe haikutosha, na ilipofika pale haikuwa na nguvu ya kuongeza noti 16 zilizokosekana katika mita zilizobaki. Na pua ilipopanda, ukinzani wa hewa ukaongezeka na kuibana kasi zaidi. Kosa moja la tarakimu lilifunga milango yote miwili, wa kasi na wa pembe. Uliobaki wazi ulikuwa ni TOGA, na nahodha aliusukuma. Bila hilo sidhani kama tungekuwa tunazungumza habari za antena zilizovunjika.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni kwa nini marubani wanne ndani ya chumba kimoja hawakuhisi kwamba ndege inakimbia polepole. Wachunguzi wa ATSB, mamlaka ya Australia ya usalama wa usafiri, walilitazama swali hilo kwa makini katika taarifa yao ya mwisho ya Desemba 2011, na jibu lao nalikubali kabisa. Mwili wa binadamu haupimi vizuri mwongezeko wa kasi. Unachofanya ni kulinganisha na ulivyozoea. Marubani hawa, katika miezi iliyotangulia, walikuwa wameruka kwa uzito na kasi za kila namna, kwa sababu walikuwa wanarusha ndege za aina zaidi ya moja katika familia hiyo na kwa safari fupi na ndefu. Kuruka kwa msukumo uliopunguzwa kulikuwa jambo la kila siku. Usiku ule nje palikuwa giza. Noti 145 hazikuonekana ngeni na mwendo wa polepole haukuonekana mgeni, maana hapakuwa na mwendo mmoja uliozoeleka. Kwa hiyo mtu anayesema "rubani mzoefu angehisi" anadai kitu ambacho uzoefu wenyewe ulikuwa umekwisha kukifuta.

Lakini kuna kitu ambacho hakikuhitaji kuhisi, kilikuwa kimeandikwa kwenye kioo. Airbus inaonyesha kasi inayoitwa kitone cha kijani, ambayo ni kasi ya ndege isiyo na flapu inayopata kunyanyuka kwingi kwa ukinzani mdogo, na inategemea uzito. Kompyuta ndogo ya kukokotolea iliitoa kama noti 225, kwa sababu ilidhani ndege ni nyepesi. Kompyuta ya safari ndani ya ndege, ambayo ilikuwa na uzito sahihi wa tani 361.9, ilionyesha noti 265. Namba mbili za kitu kimoja, zikitofautiana kwa noti 40. Utaratibu ulitaka zilinganishwe. Usiku ule ulinganisho huo haukufanyika ipasavyo. Kazi za kabla ya kuruka zilikuwa zimeingiliwa na mambo mengine, mazungumzo na maandalizi yakipishana, na hatua zile za ukaguzi zikapita bila kukamata kosa.

Kitu kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba uzito sahihi ulikuwemo ndani ya ndege ileile. Ulikuwa kwenye karatasi ya uzito, na ulikuwa kwenye kompyuta ya safari. Namba mbaya ilikuwa mahali pamoja tu, lakini pale ndipo kasi na msukumo vilipotokea. Ukaguzi wa kusoma namba ileile mara tatu kutoka chanzo kilekile hausaidii chochote. Unaosaidia ni ule unaochukua namba kutoka njia nyingine kabisa na kuziweka mbili ubavu kwa ubavu.

Sasa nije nyumbani. Uwanja wa Dodoma uko futi zipatazo 3,670 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 30 za joto, hewa ya hapa inakuwa nyembamba kama ya futi 6,300 hivi. VR inayosomwa kwenye kioo haibadiliki sana kwa sababu hiyo, maana kipima kasi kinahisi hewa kama bawa linavyohisi. Kinachobadilika ni mwendo wa kweli juu ya lami, ambao unakuwa mkubwa kwa karibu asilimia kumi kuliko pale pwani kwenye hewa ya kawaida. Injini nazo zinapumua hewa hiyohiyo nyembamba, kwa hiyo msukumo unapungua. Ukijumlisha, ndege ya Dodoma inachukua njia ndefu zaidi kufikia VR, na ikishainua pua inaongeza noti polepole kuliko ya Dar es Salaam. Zile noti chache zinazopatikana wakati pua inapanda, ambazo nimesema ndizo zinazonyanyua ndege, hapa kwetu zinakuja kwa uchovu. Mkono uliozoea kuvuta Dar es Salaam ukivuta vilevile hapa mchana wa Oktoba, nafasi ya mkia inapungua bila mtu kukosea hesabu yoyote.

Ongeza kosa la hesabu juu yake. Tuseme ni Dash 8 Q400, ndege ndefu na nyembamba ambayo wasafiri wa Dodoma wanaijua vizuri, na uzito wake wa kuruka ni tani 27.4. Mtu anapanga tarakimu vibaya, anaandika 24.7. Hili ni kosa jepesi kulifanya kuliko lile la Melbourne, kwa sababu tarakimu zote ni zilezile na jicho linaziona zipo. Kasi inafuata kipeuo cha pili cha uzito, kwa hiyo unagawanya 27.4 kwa 24.7, unatafuta kipeuo cha pili, unapata kama 1.05. Kwa kila noti 110 umepunguza noti 6 hivi, na bawa litabeba asilimia 90 tu ya linachotakiwa. Haifiki kiwango cha Melbourne, lakini kwa ndege yenye mkia unaoning'inia karibu na lami inatosha. Wakati wa vikao vya Bunge ndege inajaa abiria na mabegi, wiki inayofuata inaruka nusu tupu, kwa hiyo hata hapa kwetu mtu hana uzito mmoja aliouzoea ambao ungemshtua akiona mwingine. Ndiyo sababu nawasisitiza vijana wajenge kichwani mwao jozi za namba: ndege ikiwa na uzito huu, VR yake huwa karibu na hapa. Ikija namba iliyo mbali na jozi hiyo, karatasi isitoke mkononi mpaka ijulikane kwa nini.

Q400 ina tabia nyingine inayotokea zaidi wakati wa kutua. Mafunzo yake yanataka pua isizidi nyuzi 6 wakati magurudumu yanagusa, kwa sababu ikitua kwa kishindo shokapu zinabonyea na mkia unashuka pamoja nazo. Picha ya kosa ni hii. Ndege inakaribia lami, upepo wa mashariki wa hapa kwetu unakatika ghafla chini, au rubani ameondoa nguvu ya injini mapema, na ndege inaanza kuzama. Mkono wa asili unataka kuvuta pua ili kuzuia kishindo. Lakini kwenye ndege hii mapanga yanayozunguka mbele ya mabawa yanasukuma hewa nyingi juu ya bawa, na nguvu ikiondolewa bawa linapoteza sehemu ya unyanyuaji wake papo hapo. Kuvuta pua hakurudishi kitu hicho. Kinachorudisha ni kuongeza nguvu kidogo na kuiacha pua pale ilipo, au kuondoka na kujaribu tena. Rubani asiyeendesha ana kazi ya kutazama kipimo cha pua na kutamka inapofika nyuzi 5, kwa sababu anayeendesha wakati huo macho yake yako nje. Kutua hapa juu ya nyanda kunaongeza kishawishi: mwendo juu ya lami ni mkubwa, lami inakuja haraka kuliko kawaida, na jicho linamshawishi rubani avute mapema na zaidi.

Mkia ukishagusa, Q400 inamwambia rubani. Chini ya mkia kuna swichi inayovunjika ikigusa lami, na taa inawaka ikiwa na maneno TOUCHED RUNWAY. Kama ilitokea wakati wa kuruka, jambo la kwanza ni kutoijaza kabini shinikizo la hewa na kurudi kutua. Marubani wa Melbourne nao walipata ujumbe wa mkia kwenye kioo chao. Hawakuendelea na safari. Walikwenda juu ya ghuba ya Port Phillip wakamwaga mafuta ili kupunguza uzito, wakarudi na kutua salama kama saa moja baada ya kuruka. Hakuna aliyeumia.

Wahandisi walipoitazama ndege chini ya mkia waliona bati limesagwa hadi kutoboka, na kifuniko kimoja kimeng'oka. Ndani, kinasa data za safari kilikuwa kimetoka kwenye kibebeo chake kwa kishindo, na kikaacha kurekodi palepale. Jeraha lililokuwa zito kuliko yote lilikuwa halionekani kutoka nje. Ukuta wa nyuma wa kabini, ule unaozuia hewa ya ndani isipasukie mkiani, ulikuwa umepata ufa, na fremu inayoushikilia imepinda.

Hapo ndipo agizo la kutojaza hewa linapopata maana yake. Ukiwa juu, ukuta ule unasukumwa kutoka ndani kwa nguvu ya tani nyingi kila safari, unalegezwa ndege inaposhuka, unasukumwa tena kesho. Bati au ukuta uliojeruhiwa na kutengenezwa vibaya unaweza kuvumilia mzunguko huo kwa miaka kabla haujakubali. Boeing 747 ya Japan Airlines ilisugua mkia ikitua Osaka mwaka 1978. Ukuta wake wa nyuma ulitengenezwa, lakini kwenye kiungo kimoja sahani ya kuunganishia iliwekwa vibaya, na mahali palipotakiwa mistari miwili ya ribiti kubeba mzigo pakabaki na mmoja. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ukapasuka angani, hewa ikang'oa sehemu ya mkia na kukata mifumo yote ya haidroliki. Watu 520 walikufa, wanne wakapona.

Kisa cha China Airlines ni kirefu zaidi kwa miaka. Ndege yao ya 747 ilisugua mkia Hong Kong mwezi Februari 1980. Mikwaruzo haikukatwa ikaondolewa. Kiraka kikapigwa juu yake, na hakikuenea vya kutosha kupita eneo lililoharibika. Chini ya kiraka, nyufa zilianzia kwenye mikwaruzo ileile na kukua mahali ambapo jicho la mkaguzi halikuweza kufika. Tarehe 25 Mei 2002, miaka 22 baadaye, ndege ilisambaratika angani karibu na Taiwan ikiwa na watu 225. Hakuna aliyepona.

Kwa hiyo fundi anayepigiwa simu kwamba mkia umegusa hapa Dodoma hatakiwi kuridhika kwa kuona rangi imekwaruzika tu. Anapima kina cha kila mkwaruzo na kukilinganisha na kipimo kinachoruhusiwa katika kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo, kwa sababu mkwaruzo mwembamba wa kwenda sambamba na mvutano wa bati si sawa na ule unaoukata. Anafungua paneli za ndani na kutazama fremu na viungo vyake, ribiti zilizolegea au zilizopinda vichwa, na ukuta wa nyuma pande zote mbili, pamoja na mabomba na nyaya zinazopita pale. Pale anaposhuku ufa usioonekana, anautafuta kwa vipimo vya mkondo wa umeme au rangi ya kupenya. Na ikiwa kinahitajika kiraka, mikwaruzo iliyozidi kipimo inakatwa kwanza, ndipo kiraka kinakuja juu ya bati safi. Ile A340 ya Melbourne ilifanyiwa matengenezo ya muda, ikarushwa bila shinikizo kwenye kabini na kwa mwinuko wa chini hadi Toulouse, Ufaransa, kwa walioiunda, na hapo ndipo mkia wake ulipotengenezwa.